Naomba ushauri: binti wa miaka 14 anataka kupaka nywele rangi

Wazazi wenzangu, binti yangu ana miaka 14 na anataka nywele nyekundu, rangi ya kudumu. Pakiti imeandikwa isitumiwe na walio chini ya miaka 16. Ningemwambia asubiri tu, lakini mwaka jana alichorwa hina nyeusi mkononi, pakavimba na kutoa malengelenge. Hina halisi hutoa wekundu wa kahawia. Weusi ule mara nyingi ni PPD, kemikali iliyomo pia kwenye rangi nyingi za kudumu. Naogopa hata akifika 16 uso utamvimba. Nimewaza rasta za rangi, au chaki ya nywele inayotoka kwa kuosha (yeye anaiita ya watoto). Aliyepitia haya, daktari wa ngozi alimpima mwanao kwanza?