Mnara unachagua adui hovyo: niweke "wa kwanza", "wa karibu" au "mwenye nguvu"?

chipukizi_gemu
Habari zenu wakuu. Gemu yangu ya kulinda ngome kwa minara imebaki kidogo niitoe, ila minara inachagua shabaha vibaya. Adui amekaribia kabisa langoni, mnara unahangaika na aliye nyuma yake. Nataka mchezaji ajichagulie, lakini paneli ina nafasi ya vitufe viwili tu. Kati ya hivyo vitatu niache kipi?

fundi_minara
Ya muhimu umeyaacha. Injini gani? Njia ni moja au zaidi? Risasi inapiga papo hapo au inasafiri? Na sasa hivi mnara unachaguaje?

chipukizi_gemu
Samahani mkuu. Ni Godot 4. Njia mbili zinaishia lango moja, moja ndefu kuliko nyingine. Risasi zinasafiri. Adui akiingia kwenye duara la mnara namwongeza kwenye orodha, mnara unachukua `orodha[0]`.

fundi_minara
Tatizo ndilo hilo. `orodha[0]` ni aliyeingia kwanza kwenye duara, siye aliyetangulia njiani. Mwenye mbio akimpita mzito ndani ya duara, mnara unabaki na mzito. Kabla ya vitufe, rekebisha maana ya "wa kwanza".

pikseli_kali
Mbona rahisi? Linganisha `progress_ratio`, mwenye kubwa ndiye wa kwanza. Mstari mmoja tu.

fundi_minara
Kwa njia moja, sawa. Yeye anazo mbili. Chukua njia ya urefu 1000, adui yuko 0.8: amebakiza 200. Nyingine ni 400, adui yuko 0.7: amebakiza 120. Ukifuata uwiano utampiga wa 0.8, na wa 0.7 ndiye anayeingia langoni. Pima kilichobaki:

```
# adui ni PathFollow2D, mzazi wake ni Path2D
func kilichobaki(adui):
    var njia = adui.get_parent()
    return njia.curve.get_baked_length() - adui.progress
```

Mwenye jibu dogo ndiye wa kwanza.

pikseli_kali
Basi gawa na kwa kasi yake, upate muda badala ya umbali. Anayekimbia ni hatari zaidi.

fundi_minara
Mpaka uwe na mnara wa barafu. Kila adui akipunguzwa mwendo foleni inapanguka, na mchezaji haelewi kwa nini mnara umegeuka. Umbali anauona kwa macho.

simba_wa_wimbi
Mimi naweka mwenye nguvu kila mara na bado bosi wa wimbi la 30 ananipita. Nijenge minara mingapi?

binti_msimbo
Ndugu, huyu anatengeneza gemu, hachezi 😂. Ila umegusa penyewe. "Mwenye nguvu" ukimpima kwa uhai aliobakiza, unajitafutia balaa. Tuseme vifaru viwili vinatembea sambamba, kila kimoja uhai 100. Mnara unatoa 10 kwa pigo, na unapata mapigo 12 kabla hawajatoka kwenye duara. Pigo la kwanza, A anabaki 90. Sasa B ndiye mwenye nguvu, anapigwa yeye. Kisha A, kisha B tena. Mwisho kila mmoja kala mapigo 6, wote wana 40, wote wamepita. Ukipima kwa uhai wa mwanzo, na wakilingana ukamchukua aliyebakiza njia fupi, A anakufa kwa pigo la 10 na B anatoka na 80. Madhara ni yale yale 120, ila langoni anafika mmoja badala ya wawili. Dalili yake utaiona: vifaru viwili vinapungua uhai kama pacha na hakuna anayekufa.

pikseli_kali
Ondoa "wa karibu" basi, anabaki kupiga waliokwisha pita.

binti_msimbo
Usiondoe! Mnara wa moto wenye duara fupi unamhitaji. Shida ni mtutu unaozunguka polepole: wakija kwa msururu, wa karibu anabadilika kabla mtutu haujamfikia, na mnara unazunguka bila kufyatua. Ukishamshika adui, kaa naye mpaka afe au atoke kwenye duara.

fundi_minara
Kwa wa karibu, sawa. Kwa wa kwanza sikubali, maana mwenye mbio akitokea ndani ya duara lazima umwache yule mzito. Hapo chagua upya kila sekunde 0.2, si kila fremu.

chipukizi_gemu
Naanza na wa kwanza na mwenye nguvu. Lakini minara mitano bado inamfyatulia adui mmoja aliyebakiza uhai 5, risasi nne zinapotea.

binti_msimbo
Risasi ikitoka, mwandikie adui madhara yanayokuja. Yakifikia uhai wake, minara mingine imruke. Risasi ikikosa au ikifutwa, yatoe, la sivyo atatembea hadi langoni bila kuguswa.

pikseli_kali
Na risasi zinazolipuka na kupiga eneo zima? Hapo unamwandikia nani?