Seva ya mchezo ya watoto wa klabu: tuifunge kwa anwani za IP au tuuache mlango wazi?

Mlezi wa klabu, Bombo

Nimekodi mashine pepe ya dola 5 kwa mwezi, Ubuntu, memori gigabaiti 1, ili watoto 14 wa klabu yetu wacheze pamoja mchezo wa kujenga wa Luanti likizo hii. Wengi wanatumia simu za nyumbani. Wazazi wanataka fayawoli iruhusu anwani za IP za watoto hao tu. Wenzangu wanaona tuache wazi. Ninyi mnaonaje?

Kaka wa Ntinda

Mimi nasimama na wazazi. Zuia kila kitu kinachoingia, halafu ruhusu anwani zile 14, basi. Na SSH, njia unayoingilia kuisimamia mashine ukiwa mbali, iruhusu kutoka kwenye anwani yako peke yako, maana roboti za kubahatisha nywila hazilali. Kama orodha ya anwani inakuchosha, ruhusu anwani za Uganda zote na uifungie dunia iliyobaki.

Fundi wa Jinja

Kaka, hapo pa kuzuia kila kitu kwanza uko sahihi kabisa. Orodha ya anwani ndiyo itakayomliza mwalimu. Simu ya mtoto haina anwani yake ya kudumu kwenye intaneti. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, na mteja huyo huyo akizima data na kuiwasha anaweza kutokea na nyingine. Asubuhi utaandika anwani 14, jioni nusu ya watoto watakuwa nje. Na ile iliyoruhusiwa itakuwa imewabeba watu usiowajua kabisa.

Hiyo ya Uganda nzima nayo ina tundu. Tangu Facebook ilipofungwa hapa Januari 2021, simu nyingi zina VPN iliyowashwa mchana kutwa. Mtoto yuko Luwero, seva inamwona anatoka Uholanzi.

Kwa hiyo kwenye fayawoli fungua milango miwili tu, na uifungue kwa mpangilio huu:

```
sudo ufw default deny incoming
sudo ufw allow OpenSSH
sudo ufw allow 30000/udp
sudo ufw enable
```

Mstari wa SSH utangulie `enable`, la sivyo unaweza kujifungia nje ya mashine yako mwenyewe. Na Luanti inasikiliza poti 30000 kwa UDP. Ukiandika `tcp`, amri itakubaliwa bila neno lolote na hakuna mtoto atakayeingia.

Mama wa watatu, Arua

Samahani jamani, mimi si mtu wa kompyuta. Hiyo fayawoli naiwekaje kwenye simu ya binti yangu? Na nikisoma hapa naona mnafungua milango, wakati sisi tuliomba ifungwe.

Fundi wa Jinja

Mama, kwenye simu usiweke chochote. Fayawoli inakaa kwenye ile mashine ya kukodi. Poti 30000 ni mlango wa barabarani: ukiufunga, hata binti yako haingii. Kinachomtofautisha binti yako na mgeni ni jina na nywila, na hapo ndipo pa kukaza. Mwalimu, kwenye faili la mipangilio ya Luanti, `minetest.conf`, andika hivi:

```
name = mlezi
default_password = maneno-marefu-ya-siri
server_announce = false
```

Mstari wa pili maana yake ni kwamba jina lolote jipya halikubaliwi bila nywila hiyo. Usimpe mtoto yeyote. Iwashe seva upya, kisha ingia wewe wa kwanza kwa jina `mlezi` na nywila hiyo, ukibonyeza Login, kwa sababu jina hilo lina mamlaka yote ndani ya mchezo. Ubadilishe nywila yako hapo hapo. Halafu umfungulie kila mtoto akaunti ukiwa ndani:

```
/setpassword amina nywila-ya-amina
```

Wakija mara ya kwanza wabonyeze Login. Akibonyeza Register ataambiwa jina limeshachukuliwa, aje kwako analia.

Nimesisitiza kila mtoto na nywila yake kwa sababu niliwahi kuwapa kikundi kizima nywila moja. Siku ya tatu mmoja aliingia kwa jina la mwenzake na kumbomolea nyumba aliyoijenga wiki nzima. Kwenye kumbukumbu za seva lilionekana jina la mwenye nyumba mwenyewe. Sikuweza kumtetea yeyote.

Wa Busia mpakani

Mimi nauliza, kukodi kwa nini? Nina kompyuta ya zamani sebuleni, nimeweka Luanti, wanangu wanacheza kwa Wi-Fi bila kulipa dola hata moja. Tatizo ni umeme wa Yaka tu, uniti zikiisha katikati ya mchezo kunakuwa na vilio. Ila jirani alijaribu kuingia kutoka kwake akashindwa, sijui kwa nini.

Fundi wa Jinja

Kwa watoto wa nyumba moja, yako inatosha, ndugu. Jirani anashindwa huenda kwa sababu ile ile: laini yako iko nyuma ya anwani ya wengi, na kutoka nje hakuna njia ya kuifikia kompyuta ya sebuleni. Mashine ya kukodi inakuja na anwani yake ya nje, na hicho ndicho mwalimu anacholipia hasa.

Kaka wa Ntinda

Kwenye anwani za watoto nimekubali. Lakini mtoto akileta fujo, si bado nitampiga marufuku kwa IP?

Fundi wa Jinja

Hapo ndipo wengi wanapoumia. Amri ya `/ban` ya Luanti hufungia anwani, siyo jina. Ukimfungia mmoja, wenzake waliotokea kwenye anwani ile ile ya mtandao wa simu wanafungiwa naye, na yeye anazima data, anaiwasha, anarudi. Mbadilishie nywila kwa `/setpassword`, au mwondolee ruhusa ya kujenga kwa `/revoke amina interact`. Atatembea na kutazama, hatabomoa.

Kaka wa Ntinda

Sawa. Ila SSH kwa anwani moja siiachi.

Fundi wa Jinja

Wewe una laini ya ofisi yenye anwani isiyobadilika, inakufaa. Mwalimu anatumia modemu ya simu. Atafungiwa nje ndani ya siku mbili na kulazimika kuingilia kwenye konsoli ya aliyemkodisha. Kwake yeye bora atumie funguo za SSH na kuzima nywila.

Mlezi wa klabu, Bombo

Nimefuata yote, na jina `mlezi` likakwama kwenye "Connecting" hadi likakata. `ufw status` inaonyesha 30000/udp iko wazi.

Fundi wa Jinja

Endesha hii kwenye seva, kisha jaribu kuingia ukiwa kwenye simu:

```
sudo tcpdump -ni any udp port 30000
```

Hii inaona pakiti kabla `ufw` haijazigusa. Zikionekana zinafika na hakuna jibu, kosa liko ndani ya mashine. Pasipotokea hata mstari mmoja, zinazuiwa kabla ya kufika. Wakodishaji wengine wana fayawoli ya pili kwenye ukurasa wa akaunti, na `ufw` haina habari nayo.

Mlezi wa klabu, Bombo

Hakukuwa na mstari hata mmoja. Nimeikuta kwenye ukurasa wa akaunti, ilikuwa imeruhusu poti 22 ya SSH tu. Nimeongeza 30000 UDP na sasa niko ndani. Kesho naanza kufungua akaunti 14.

Mama wa watatu, Arua

Nimeelewa kwamba mgeni hapati jina. Lakini binamu zao wa Nairobi wakiomba kuingia, nani ataamua? Na watoto wakianza kuandikiana usiku humo ndani, mwalimu anasoma?

Mlezi wa klabu, Bombo

Mama, wanayoandikiana yanabaki kwenye kumbukumbu za seva, naweza kuyasoma. Kama ni haki yangu kuyasoma, hilo nataka wazazi wote waseme kabla sijatoa nywila ya kwanza.