Chakula cha sendofu Mbeya: nitaje bei kwa sahani, jumla, au ufundi tu?

SahaniMoja_Uyole: Habari zenu wadau. Kamati ya sendofu wanataka bei yangu keshokutwa. Nimezoea kupika kwenye vikao na misiba, kazi ya ukumbini sijawahi. Niseme kwa sahani, nitaje jumla, au wanunue vyakula wenyewe wanilipe ufundi? Jirani anasema bei ya mtaani ni elfu nane kwa sahani. Nikitaja kumi naogopa watakimbia.

MamaBafe_Soweto: Mdogo wangu, watu wangapi? Ukumbi uko wapi? Kuku yupo? Vyombo ni vyako au unakodi? Bila hayo hata elfu nane haina maana.

FundiKoki_Iringa: Chukua ufundi tu. Mimi ni fundi bomba, namwandikia mteja orodha ya vifaa, ananunua mwenyewe, mimi nabaki na hela yangu ya kazi. Bei ya bomba ikipanda hainihusu.

Kipanga_Tukuyu: Mkuu, bomba zikipungua kazi inasimama hadi mteja aongeze. Kamati wakileta nyama pungufu, saa mbili usiku wageni wana njaa na anayelaumiwa ni mpishi.

SahaniMoja_Uyole: Samahani dada. Watu 150, ukumbi Mwanjelwa. Wali, pilau, ndizi, ng'ombe, kuku kipande kimoja kimoja, maharage, mboga, kachumbari, tunda. Vyombo nakodi.

MamaBafe_Soweto: Sasa tuongee. Tenga gharama mafungu mawili. La kwanza linafuata idadi ya watu: mchele kilo 20, nyama kilo 25, kuku 20 ukikata vipande vinane, na hayo mengine pamoja na mafuta na viungo. Kwa bei ninazonunulia mimi inafika kama 715,000. Ulizia sokoni mwenyewe kabla hujaandika. Fungu la pili halijali idadi: gari, wasaidizi sita, kukodi vyombo, gesi na mkaa, tuseme 420,000. Jumla 1,135,000.

Kwa elfu nane unaingiza 1,200,000, unabaki na 65,000 kwa kazi ya siku mbili. Tena kamati wakija kusema "tumepunguza, watu 100", chakula kinashuka hadi kama 477,000 lakini lile fungu la pili linabaki palepale. Unaingiza 800,000, unatumia karibu 897,000. Hapo umewalipia sherehe.

Kwa hiyo taja kwa sahani, ila useme bei hiyo ni kwa watu 150, na wakishuka chini ya 130 mnakaa upya. Mimi ningeanza na elfu kumi.

Mchumi_Mwanjelwa: Elfu kumi watakimbia. Anza chini upate jina, sherehe ijayo unapandisha.

MamaBafe_Soweto: Wanakamati wanapeana namba za wapishi pamoja na bei. Mteja wa pili atakupigia akiwa na elfu nane yako mkononi. Wakilia bajeti, punguza vyakula, usishushe bei bure. Nenda na karatasi mbili: ya elfu kumi yenye kuku, na ya bei ya chini isiyo na kuku. Wachague wao.

Kipanga_Tukuyu: Na muulize nani anahesabiwa. Mwaka juzi nilikubaliana sahani 200 kwa mdomo tu. Jioni kwaya ikaja na watu wake, wapiga picha, madereva, mshereheshaji na vijana wa muziki, wote wanakula. Bafe nikaiacha wazi, kila mtu anajipakulia nyama. Meza za nyuma hazijaitwa nyama ikaisha. Nilituma kijana akanunue kuku wa kukaanga mtaani kwa hela yangu, na kamati wakakata malipo ya mwisho wakisema chakula hakikutosha. Nilikuwa nimechukua nusu tu mwanzoni. Siku hizi naandika idadi, wahudumu wa sherehe wakiwemo, sahani ya ziada ina bei yake, na kwenye nyama na kuku anasimama mtu wangu anayepakua. Siendi sokoni kabla sijapokea asilimia 70.

FundiKoki_Iringa: Asilimia 70 Iringa hawatoi. Nusu kwa nusu.

Kipanga_Tukuyu: Kwa nusu hapa anapata 750,000, na manunuzi pamoja na vibarua ni zaidi ya milioni. Tofauti anakopa wapi?

SahaniMoja_Uyole: Nimeelewa ya karatasi mbili. Sherehe ni baada ya miezi minne, bei ya mchele si itabadilika?

MamaBafe_Soweto: Andika bei inashikilia hadi tarehe fulani, wakilipa utangulizi mapema unanunua mchele mapema. Chukua wa Kyela, harufu yake inauza.

Mchumi_Mwanjelwa: Wa Kyela kwa wali sawa. Kwa pilau ya watu 150 ni hasara, viungo vinafunika harufu yote. Wa Mbarali unatosha.

MamaBafe_Soweto: Wa Mbarali upi? Kuna unaovimba vizuri na kuna unaoshikana. Pika kilo moja kwanza.

SahaniMoja_Uyole: Na wakikataa kulipa mapema kabisa, wakasema malipo yote siku ya sherehe?