Mkono wa haihati unafuata mguu kila ngoma ya mguu inapoingia katikati: naomba ushauri

Mdundo_Kihonda

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninapiga dramu katika kwaya ya kanisa hapa Morogoro, na huu ni mwaka wangu wa pili. Haihati ya mapigo 8 kwa kila mzunguko ninaishika bila taabu, mguu ukiwa kwenye 1 na 3 na sneya ikiwa kwenye 2 na 4, na ninaweza kwenda hivyo wimbo mzima.

Shida yangu inaanza pale mguu unapotakiwa kupiga mahali ambapo haihati haipigi. Kuna wimbo wetu mmoja ambao ngoma ya mguu inaingia mara moja kabla ya pigo la 3, halafu inarudi tena baada ya 3. Kila nikifika hapo mkono wa kulia unaondoka na mguu, yaani haihati inaongeza pigo ambalo sikulikusudia, na kwaya nzima inasikia kama nimejikwaa. Nimejaribu kuukaza mkono ili usiende, lakini nikiukaza ndipo unapopoteza mwendo kabisa. Naomba anayejua anieleze nifanye nini, kwa hatua, maana mazoezi ninayafanya kila siku na sioni mabadiliko.

FundiPedi

Ndugu, ushauri wangu ni kwamba uvifundishe viungo kimoja kimoja. Chukua mkono wa kulia peke yake, upige haihati dakika 10 kwa metronomu, kisha mguu peke yake dakika 10, kisha mkono wa kushoto. Kila kiungo kikishakuwa na nguvu ya kutosha, utaviunganisha na havitasumbuana tena. Mimi nilipoanza, udhaifu wa mguu ndio uliokuwa unauvuruga mkono.

BintiWaSimbali

Kaka, hata mimi haihati ilinitesa sana, hasa kuufungua na kuufunga mguu wa kushoto kwa wakati. Nilishauriwa kuanza kwa kukanyaga pedali ya haihati kwenye 2 na 4 huku mikono ikiwa imetulia, na baada ya wiki chache nikaweza kuifungua kabla ya pigo la 1 bila kuchelewa.

Mdundo_Kihonda

Nashukuru, dada, ila mguu wangu wa kushoto unaifunga haihati muda wote na hauna kazi nyingine katika wimbo huu. Kinachonisumbua ni mkono wa kulia na mguu wa kulia. Kwa ndugu FundiPedi, mkono wangu ukiwa peke yake hauna tatizo, na mguu ukiwa peke yake hauna tatizo. Vikikutana ndipo vinapogombana.

MzeeWaVijiti

Mwanangu Mdundo, jibu lako hilo la mwisho ndilo lenye ufunguo. Nimepiga dansi Dar es Salaam kwa miaka mingi, na vijana karibu wote niliowafundisha wamekwama hapo hapo. Ndugu FundiPedi yuko sahihi kwamba kiungo dhaifu huvuruga vingine, na mazoezi anayoyataja yana kazi yake. Lakini kiungo kikiwa peke yake hakijui kitakutana na nani na wakati gani, kwa hiyo unaweza kukifundisha mwaka mzima na ugomvi ukabaki palepale.

Acha kuufikiria mkono kama mtu mmoja na mguu kama mtu mwingine ambao kila mmoja anakwenda na lake. Ukisikiliza kwa makini, kila pigo la mguu liko katika mojawapo ya hali mbili tu: ama linapigwa pamoja na haihati, ama linapigwa katikati ya haihati mbili. Ukijua ni lipi kati ya hayo, huna tena mambo mawili ya kushika kwa wakati mmoja, una mfuatano mmoja tu.

Ili kulijua hilo mimi hutumia neno pilipili, kwa sababu lina silabi 4 na kila pigo la mzunguko nalo linagawanyika mara 4. Sema pi-li-pi-li mara 4, nao huo ni mzunguko mmoja. Haihati yako iko kwenye kila "pi" na haigusi "li" hata moja. Kwa maelezo yako, nadhani wimbo wenu uko hivi, p ikiwa "pi", l ikiwa "li", H haihati, S sneya na M mguu:

```
   plplplplplplplpl
H  x-x-x-x-x-x-x-x-
S  ----o-------o---
M  o------o--o-----
```

Mguu wa kwanza uko kwenye "pi" ya kwanza kabisa, pamoja na haihati. Wa pili uko kwenye "li" ya mwisho ya pilipili ya pili, peke yake. Wa tatu uko kwenye "pi" ya pili ya pilipili ya tatu, tena pamoja na haihati. Kwa hiyo kati ya mapigo matatu ya mguu, linalokusumbua ni moja tu, na huna sababu ya kurudia mzunguko mzima mara mia kwa ajili ya pigo moja.

Ondoka kwenye dramu, kaa kwenye kiti cha kawaida, weka kiganja cha kulia juu ya paja na unyayo sakafuni. Weka metronomu kwenye 60, ambapo pilipili moja inachukua sekunde moja kamili na kila silabi ni robo sekunde. Piga vitu vitatu tu: mkono, mguu, mkono. Mkono ni "pi", mguu ni "li", mkono ni "pi" ya pilipili inayofuata. Kisha nyamaza, subiri, na urudie. Nafasi kati ya mkono na mguu iwe sawa na nafasi kati ya mguu na mkono unaofuata. Hapo utagundua jambo ambalo huenda hukulitaja kwa kuwa hukulisikia: mguu nao unataka kurudi tena kwenye pigo la 3, kwa sababu umezoea kuwa pale kwa miaka miwili. Kwa hiyo una mazoea mawili ya kuvunja, mkono kuifuata "li" na mguu kuifuata 3.

Mfuatano huo ukitulia, ongeza haihati zilizotangulia, kisha sneya ya 2, kisha mguu wa tatu. Usiongeze kitu kipya kabla ya kupiga mizunguko 16 mfululizo bila kosa, ambayo kwa mwendo huo ni kama dakika moja tu. Kwa yale mapigo ya pamoja, sikiliza sauti. Mkono na mguu vikikutana sawasawa utasikia "ta". Kimoja kikitangulia utasikia "tra", hata kama ni kwa kiasi kidogo sana. Rekodi kwa simu, kwa sababu ukiwa unapiga sikio lako linasamehe mengi.

Na kuhusu kuukaza mkono, usifanye hivyo. Mkono uliokazwa unapata msukumo wa kila msuli mwingine unaofanya kazi. Shika kijiti kiasi kwamba mtu akikivuta kitoke.

Sebene_Bujumbura

Mimi nina kisa kinachofanana ila kwa upande wa pili. Nilijifunzia kwenye sebene, ambako mguu unapiga mapigo yote 4 bila kubadilika na sneya ndiyo inayotembea. Mguu haukunisumbua kamwe. Mkono wa kushoto ulipoingia kwenye hizo "li" anazosema mzee, ndipo haihati yangu ilipoanza kupanda sauti, kwa sababu mikono yote miwili ilitaka kupiga kwa nguvu moja. Nilirekebisha kwa kupiga sneya kwa kuinua kijiti juu na haihati kwa kukishusha chini kabisa, kama sentimita 5 tu kutoka kwenye simbali. Sijui kama itakusaidia wewe, maana tatizo lako ni la mguu.

Mwl_Kinanda

Nakubaliana na mzee karibu katika yote, ila lile neno pilipili lina kasoro moja. Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo anayelitamka kama kawaida ataikazia "pi" ya pili, na haihati yake itaegemea katikati ya pigo badala ya kuegemea mwanzo. Wanafunzi wangu huhesabu kwa namba, moja na mbili na tatu na nne na, ili mkazo ubaki kwenye namba.

MzeeWaVijiti

Mwalimu, hoja ya mkazo ni ya kweli na sikuitaja. Lakini hesabu yako inampa nafasi 8 tu, na pigo linalomsumbua kijana huyu haliko katika hata moja ya hizo 8, liko baada ya "na" ya pili na kabla ya "tatu". Nalitamka neno bila mkazo wowote, kama mtoto anayejifunza kusoma silabi. Anayeona namba zinamfaa, na azitafutie silabi za kujazia katikati.

Mdundo_Kihonda

Wazee wangu na ndugu zangu, nimerudi baada ya siku 9. Siku ya kwanza nilirekodi kwenye paja na nikasikia kile mzee alichokisema, mguu ulikuwa unapiga kwenye 3 kila mara na mimi sikuwa na habari. Sasa kwenye 60 ninapita mizunguko 16 bila kosa, hata kwenye dramu yenyewe. Kwenye 72 haihati haiongezi pigo tena, lakini ile inayofuata baada ya mguu inatoka kwa sauti kubwa kuliko nyingine. Wimbo wenyewe unakwenda 84, na Jumapili iko karibu. Jambo jingine nililoliona ni kwamba kwenye paja sauti hiyo kubwa haipo, ipo kwenye dramu tu.

MzeeWaVijiti

Kama kwenye paja haipo, basi akili imekwishaelewa na sasa tunatafuta kosa la mwili. Angalia kiti. Kikiwa chini sana, paja linapanda juu kuliko nyonga, na kila unapoinua mguu ili upige, kiwiliwili kinarudi nyuma kidogo kisha kinaanguka mbele pamoja na mkono. Pandisha kiti mpaka paja literemke kidogo kuelekea kwenye goti. Kisha jaribu kupiga ile "li" huku kisigino kikiwa kimelala kwenye pedali. Sauti ya ngoma itakuwa ndogo, lakini kama haihati itatulia utakuwa umepata chanzo.

Jumapili hii piga mguu wa 1 na 3 kama zamani. Ule mpya uupeleke kanisani ukishaupita kwenye 90, kwa sababu kwaya ikichangamka 84 haibaki 84.

FundiPedi

Mzee, samahani, hapo kwenye kisigino sikubaliani. Akizoea kulaza kisigino hatapata nguvu ya kusikika bila kipaza sauti.

Mdundo_Kihonda

Kanisani kwetu ngoma ya mguu haina kipaza sauti, kwa hiyo hoja hiyo inanihusu. Nimepandisha kiti leo asubuhi kwa kiasi cha vidole vitatu. Haihati imetulia kwenye 72, lakini sasa goti la kushoto linagusa ukingo wa sneya, na nikiisogeza sneya mkono wa kushoto unaifikia kwa mbali. Kati ya kiti na sneya, nianze kurekebisha kipi?

Sebene_Bujumbura

Anza na sneya. Iinue na uilaze kidogo kuelekea kwako, usiisogeze mbele, kisha utuambie goti limepata nafasi kiasi gani.