Mrejesho: Ziara ya wanafunzi msikitini

Niliuliza: "Nawapeleka wanafunzi msikitini. Karatasi ya uchunguzi niipangeje ili waangalie wenyewe, wasinakili tu maelezo ya mwenyeji?"

Ziara imefanyika, asanteni sana. Nilichukua ushauri wa safu mbili: "Ninachokiona" na "Alichoeleza mwenyeji". Ya kwanza waliijaza kimya, kabla mwenyeji hajaanza kuzungumza. Mmoja aliandika: "Ukuta wa mbele una uwazi wenye upinde. Mistari ya zulia imelala sambamba na ukuta huo." Basi mwenyeji alipoeleza kwamba uwazi ule ni mihrabu, unaoonyesha kibla, yaani upande wa Makka, wakaelewa wenyewe kuwa mistari ni ya kupanga safu za swala. Kalamu zilikaa chini alipokuwa akizungumza. Safu ya pili waliijaza baadaye.

Kanuni tulizisoma darasani mapema: viatu vinavuliwa, mavazi ya stara, hakuna kumpiga picha anayeswali wala kupita mbele yake. Hiyo ya mwisho ilihitajika mzee mmoja alipoingia kuswali. Wanafunzi walizunguka nyuma yake bila kukumbushwa. Nilisisitiza pia kwamba wamekuja kutazama, na hakuna anayelazimika kushiriki ibada. Kwangu hiyo ndiyo kanuni muhimu kuliko zote, na wazazi waliipenda.