Tupeane uzoefu: mnasahihishaje ngeli pale "a" na "u" za mwanafunzi zinapofanana?

Kalamu Nyekundu
Wadau, habari zenu. Nasahihisha zoezi la umoja na wingi, na daftari moja limenikwamisha tangu jana usiku. Sentensi ilikuwa "Miti ile ilianguka", nami nilitaka "Mti ule ulianguka". Huyu mtoto "a" yake haifungi juu, kwa hiyo neno la mwisho nalisoma "ulianguka", nikirudia nalisoma "alianguka". La kwanza ni sahihi. La pili limeupeleka mti kwenye ngeli ya watu na wanyama. Mnafanyaje?

Mwalimu Mstaafu
Usiitazame herufi hiyo peke yake. Ndani ya neno hilohilo ana "a" mbili za hakika, ile ya baada ya "li" na ile ya mwisho, na ana "u" moja ya hakika kwenye "ngu". Zilinganishe na ya kwanza. Tazama pia kalamu ilipoanzia: "u" kwa kawaida huanzia juu kushoto ikashuka wima, "a" huanzia upande wa kulia ikazunguka. Nami hutazama kama ameandika "ule" au "yule", ingawa hilo huunga mkono tu, halithibitishi.

Kalamu Nyekundu
Nimetazama. "U" ya "ngu" ina pembe chini. Ya kwanza ni ya mviringo, sawa kabisa na "a" ya katikati. Naelekea "alianguka". Lakini "ule" ameiandika vizuri!

Baba Wawili
Samahani, mimi ni mzazi tu. Mwanangu ameandika "Jani lianguka jana", amekatwa, na pembeni pameandikwa "ngeli". Mbona jani ni LI-YA na hiyo "li" ipo? Au naye ni mwandiko?

Mwalimu Mstaafu
Mzazi mwenzangu, kosa lipo. Zilitakiwa "li" mbili, ya kwanza ya jani, ya pili ya jana: "lilianguka". Kwanza hesabu vijiti virefu kwenye mwandiko wake, maana nukta za "i" watoto huziruka. Ukikuta kijiti kimoja, mwambie aiandike sentensi hiyo kwa kesho, kisha aikanushe. Akiandika "litaanguka" na "halikuanguka", ngeli anaijua, alichomeza ni wakati. Akiandika "itaanguka", basi "li" yake ilikuwa ya wakati, na ngeli ndiyo hana.

Baba Wawili
Ameandika sasa hivi mbele yangu: "litaanguka", "halikuanguka". Kumbe neno la pembeni ndilo lililotupoteza. Juma zima tumekariri ngeli.

Sauti ya Darasa
Mimi huokoa muda kwa kutazama mwanzo wa nomino. Nikiona "ki" nategemea KI-VI. Juzi nilikata "Kiziwi alifika", na "rafiki yangu amekuja" nikaandika "wangu" juu yake.

Bi. Daftari
Mwenzangu, warudishie alama zao. Kwa vitu njia yako inafika mbali, lakini kiziwi, kifaru, kiongozi na kipepeo wote ni viumbe, kitenzi chao huanza na "a". Na "rafiki yangu" ni sahihi, kama "ndugu yangu".

Sauti ya Darasa
Kiziwi nimekubali, kesho naomba madaftari yarudi. La "yangu" bado. Kitenzi kikiwa "amekuja", kwa nini kimilikishi kiende kwingine?

Bi. Daftari
Ndivyo wasemaji wanavyosema, hata wingi ni "rafiki zangu". Kanuni moja ya kuzibeba zote mbili sina ya kukupa.

Kalamu, mtoto wako usimwambie akusomee neno lile. Akiona umesita atasoma lililo sahihi. Mpe sentensi mpya, wakati tofauti.

Kalamu Nyekundu
Nimempa mbili leo asubuhi. "Mizigo ile imefika" ameigeuza "Mzigo ule umefika", na "u" ina pembe, haina shaka. "Milango ile ilifungwa" ameandika "Mlango ule alifungwa", na safari hii "a" ameifunga hadi juu.

Mwalimu Mstaafu
Basi "ali" ameishika kama kipande kimoja, ndiyo maana yake ya jana. Haoni kuwa "a" ni ya mtu na "li" ni ya wakati. Mpe mafungu matatu ya kukata kwa mstari wima: "a|li|fungwa", "u|li|fungwa", "ki|li|fungwa".

Kalamu Nyekundu
Nitafanya hivyo. Na alama? Swali lilikuwa la alama 2, na "mti ule" amepatia.

Mwalimu Mstaafu
Ningempa 1.

Bi. Daftari
Mimi ningekata zote. Zoezi lilikuwa la upatanisho, na upatanisho umevunjika kwenye kitenzi.