Wageni wanakwama mlangoni na maagizo nimeandika kwa Kiswahili, nirekebishe wapi?

NyarMilimani_Ksm
Wakuu habari za jioni. Niko na nyumba mbili za kukodisha kwa siku hapa Milimani Kisumu, na kwa sababu kazi yangu inanifungia hadi usiku huwa siwezi pokea wageni mwenyewe. Ufunguo wa geti dogo uko kwa kile kisanduku cha namba nne kimepigwa ukutani, halafu mlango wa nyumba yenyewe uko na kitasa cha vitufe. Maagizo nilikuwa nayo ya Kizungu, na vile nimeanza kupata wageni wengi wa kutoka Mwanza na Bukoba nikayapitisha kwa simu yakatoka Kiswahili. Sasa ijumaa mama mmoja wa makamo amefika saa nne usiku, nimepigiwa simu mara sita, mwishowe nikatuma boda amlete keateka kutoka Nyalenda. Alisimama nje dakika 40 na mtoto mgongoni, niliumia sana. Hii ndio meseji niliyomtumia:

"Ingiza msimbo 4719 kwenye sanduku la kufuli na vuta chini lever. Chukua ufunguo. Kwenye mlango ingiza kodi na bonyeza ufunguo wa #. Inua mkono kufunga. Kuondoka ni saa 10."

Naomba mniambie ukweli, shida iko wapi? (Hizo namba nimeshabadilisha.)

KijanaWaKaka
Dada wewe tuma video tu. Jirekodi ukifungua, sekunde thelathini, maneno ya nini? Mimi huku Kakamega natuma video na sijawahi pigiwa simu.

FundiVitasa_Nakuru
Video ni nzuri lakini bradha sio peke yake. Mgeni ameshuka kwa basi usiku, bando imeisha, video haifunguki. Na kuna kitu nimeona na macho yangu kwa kazi hii ya kufunga vitasa: video inabaki na namba za zamani, mgeni anaingiza zile aliona kwa video badala ya zile za meseji. Ukirekodi, funika namba na kidole.

Sasa NyarMilimani, nimesoma meseji yako nikijifanya nimefika usiku na sijawahi ona hiyo nyumba. Kwanza "bonyeza ufunguo wa #". Huyo mama alikuwa ameshika ufunguo mkononi, ametoka kuutoa kwa kisanduku! Ukimwambia abonyeze ufunguo atautazama huo huo ausukume mahali. Kile cha mlangoni ni kitufe. Pili "kodi", hiyo kwa Kiswahili ni pesa ya nyumba ama ya serikali, kwa hivyo mtu anajiuliza kama kuna malipo hajamaliza. Tatu "inua mkono", hapo si utani, mtu anaweza inua mkono wake hewani akingoja mlango umuone. Sema "hendo ya mlango".

Msafiri_Mza
Shikamooni. Mimi ni wa huku Mwanza, huja Kisumu kununua bidhaa. Dada, hata hiyo "hendo" kwetu si wote wataelewa, sema "kishikio cha mlango". Na # sisi tunaiita reli. Kila mtu anayetumia simu anaijua kwa kuwa anamalizia nayo, *150*00# ya kutolea hela. Andika "kitufe cha # (reli)" na mtu wa kwetu hatasumbuka.

Ila kubwa kuliko yote ni hiyo saa 10. Kwetu saa kumi ni alasiri. Yalishanikuta mji mwingine, nimesoma kuondoka saa 10, nikaacha mizigo ndani nikaenda sokoni, narudi saa tisa mchana namba hazikubali tena, kumbe mwenyeji alimaanisha saa nne asubuhi. Mizigo nilipata jioni.

NyarMilimani_Ksm
Woi, shikamoo kaka wa Mwanza, na pole. Kumbe ndio maana wengine hukasirika nikiwapigia saa tano asubuhi! Hata kwetu watu wanasema saa nne asubuhi, ni hizo simu hututoa kwa laini. Sasa msimbo niite nini? Niweke "namba ya siri"?

FundiVitasa_Nakuru
Hapana, hiyo iache. Namba ya siri watu wanajua ni ya M-Pesa, na tumeambiwa kila siku tusimpe mtu. Kuna mteja wangu wa Section 58 aliandika "weka namba yako ya siri", mgeni akaweka ya M-Pesa yake kwa kitasa mara tatu nne mpaka kikajifungia. Vitasa vingi ukikosea mara kadhaa vinagoma dakika chache, na hapo hata namba sahihi inakataliwa, kwa hivyo mtu anaona wewe ndio umemdanganya. Sema tu "namba za kisanduku" na "namba za mlango", na uwaambie wakikosea sana wangoje kidogo bila kugusa.

Kwa kisanduku, kosa la kawaida ni mstari. Namba zinafaa zilingane na kile kimstari cha pembeni, mtu anazipanga juu yake ama chini. Halafu kuna kile kitu cha kushusha na kidole, lazima ukishushe na wakati huo huo uvute uso wa kisanduku kuja kwako. Maagizo yako yalisema vuta chini, hayakusema fungua. Na ufunguo huwa unadondoka uso ukifunguka, usiku huuoni, waambie waweke mkono mwingine chini yake.

MamaTotos_Eldy
Mimi yangu batri iliisha mgeni akiwa ndani, je naezaweka ya gari?

FundiVitasa_Nakuru
Mama hapana, ya gari itaunguza. Vitasa vingi vinatumia batri nne ndogo za kawaida, na kwa chini vingine viko na vituo viwili vya kugusisha batri ya mraba ya volti 9 kwa muda tu ili mlango ufunguke kutoka nje. Lakini fungua uzi wako, tusimpoteze huyu dada.

NyarMilimani_Ksm
Nimerudi. Nimeandika upya nikiwa nimesimama pale pale nje usiku, meseji tatu, moja kwa kila mahali:

"1. Geti. Upande wa kulia wa geti kuna kisanduku cheusi ukutani. Inua kifuniko cha mpira. Zungusha namba ziwe 0000, zote zikae kwenye mstari mweupe. Shusha kile kidude cheusi na kidole, ukiendelea kukishikilia vuta kisanduku kuja kwako. Weka mkono chini, ufunguo unaweza kuanguka.

2. Ukishafungua geti, rudisha ufunguo ndani, funga kisanduku, vuruga namba. Usiguse kiswichi kidogo kilicho ndani.

3. Mlango wa nyumba. Weka kiganja kwenye kioo, namba zitawaka. Bonyeza namba za mlango 000000, malizia na kitufe cha # (reli). Ukiona taa ya kijani shusha kishikio mara moja, usikawie, unajifunga tena. Kuondoka ni saa nne asubuhi (10:00)."

Hizo sifuri nabadilisha kwa kila mgeni. Nimempa binti wa jirani, hajawahi ingia kwangu, amefika ndani bila kuniuliza ila pale kwa "kidude", amesimama kidogo akakitafuta. Nimeongeza picha na mshale mwekundu.

KijanaWaKaka
Hapo sawa. Lakini si ukiwarudishia ufunguo kisandukuni, wakitoka usiku watafungua tena kila saa? Mimi naacha watembee nao.

Msafiri_Mza
Wakitembea nao wanaupoteza sokoni, kijana.

NyarMilimani_Ksm
Hapo bado sijaamua, mmoja alishawahi rudi nao Bukoba. Na kuna wazee wanaokuja hospitali hapa Kisumu ambao hawasomi vizuri, hao nimejaribu kutuma sauti lakini wanasahau ikifika katikati. Kuna mtu amewahi kuwa na wageni kama hao?